Kuhamisha gemu za Steam kwenda diski mpya bila kumaliza bando

Counter-Strike 2 inahitaji takriban gigabaiti 85 kwenye diski. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, kuipakua upya ni karibu saa 19, ikiwa mtandao hautakatika hata mara moja. Kuinakili kutoka diski moja kwenda nyingine kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, ambayo hata diski ya kawaida ya kuzunguka huifikia kwa mafaili makubwa, ni kama robo saa. Hata hivyo wapo wengi ambao wakishanunua SSD mpya hufuta gemu zote na kuanza kupakua upya, kwa sababu walijaribu kuhamisha folda kwa mkono na Steam ikawaambia hakuna kitu kilichosakinishwa.

Steam haikukosea. Gemu kwenye Steam ina sehemu mbili, na watu huhamisha moja tu. Ya kwanza ni folda yenye gemu yenyewe, ndani ya `steamapps\common`. Ya pili ni faili dogo la maandishi linalokaa ngazi moja juu, ndani ya `steamapps`, lenye jina kama `appmanifest_730.acf`. Namba 730 ndiyo namba ya Counter-Strike 2 dukani. Ukilifungua faili hilo kwa Notepad, miongoni mwa mistari mingine utaiona hii:

```
"appid"       "730"
"name"        "Counter-Strike 2"
"StateFlags"  "4"
"installdir"  "Counter-Strike Global Offensive"
```

Namba 4 maana yake gemu imekamilika. Mstari wa mwisho ndio wa kuuangalia vizuri. Counter-Strike 2 ilipochukua nafasi ya ile ya zamani mwezi Septemba 2023, folda ilibaki na jina la zamani. Anayefanya usafi wa diski akaiona, huidhani ni masalia ya gemu aliyoiacha, akaifuta. Dota 2 nayo mpaka leo inakaa kwenye folda inayoitwa `dota 2 beta`. Kwa hiyo usiamini jina la folda wala usilibadilishe, maana Steam inatafuta jina lile lile lililoandikwa kwenye faili.

Kama diski zote mbili, ya zamani na mpya, zinaweza kuchomekwa kwenye kompyuta kwa wakati mmoja, acha Steam ifanye kazi yenyewe. Fungua Settings, ingia Storage. Juu utaona jina la diski yenye gemu zako; bofya hapo, chagua Add Drive, kisha diski mpya. Tuseme ni E. Steam itatengeneza folda ya `E:\SteamLibrary`. Rudi kwenye diski ya zamani, weka tiki kwenye gemu unazotaka kuhamisha, bofya Move na uchague E. Steam itahamisha folda na lile faili dogo kwa pamoja. Ukiwa na laptopu, ichomeke kwenye chaji kabla ya kuanza, na usiifunge mpaka kazi iishe. Ukishamaliza, kwenye ukurasa huo huo ifanye E kuwa diski ya kawaida, la sivyo gemu utakayosakinisha kesho itarudi kujazana kwenye C.

Ugumu huja pale diski mbili haziwezi kukutana. Laptopu nyingi zina nafasi ya diski moja tu, au gemu ziko kwenye kompyuta ya ndugu yako na wewe una diski ya nje ya kubebea. Hapo unahamisha kwa mkono, na utaratibu wake si mgumu mradi ubebe sehemu zote mbili.

Kwanza ifunge Steam kabisa. Kubofya alama ya X hakutoshi, maana programu inabaki imejificha karibu na saa. Nenda kwenye menyu ya Steam uchague Exit. Kisha nakili folda ya `Counter-Strike Global Offensive` pamoja na faili la `appmanifest_730.acf`. Kwenye kompyuta mpya, tengeneza kwanza maktaba kwa ile Add Drive, funga Steam, halafu weka folda ndani ya `E:\SteamLibrary\steamapps\common` na faili ndani ya `E:\SteamLibrary\steamapps`. Ukiifungua Steam tena, gemu itaonekana imesakinishwa.

Kama umelisahau faili dogo, usirudi kwa ndugu yako. Hakikisha folda iko mahali pake na jina lake ni sahihi, kisha bofya Install na uchague diski ile ile. Steam itakagua mafaili yaliyopo na kupakua yanayokosekana tu. Mwanzoni itakutajia ukubwa wa gemu nzima, na hapo ndipo watu hushtuka na kubofya Cancel. Subiri ukaguzi uishe, kisha angalia kama kweli inavuta data.

Kosa la kinyume ni baya zaidi: faili dogo limefika, lakini folda ilinakiliwa nusu kwa sababu waya ulilegea. Steam itasoma ile namba 4 na kuamini kila kitu kiko sawa, halafu gemu itagoma kufunguka au itazima katikati ya mechi. Kwa hiyo kila baada ya kuhamisha kwa mkono, bofya gemu kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Installed Files, na uchague Verify integrity of game files. Ikikuambia faili moja au mawili hayakupita na yatapakuliwa upya, ni kawaida. Yakiwa mamia, kunakili hakukukamilika. Bora urudie kunakili kuliko kuiachia Steam ipakue. Na usifute kitu kwenye diski ya zamani kabla ya ukaguzi huu.

Wanaocheza gemu kutoka diski ya nje wana tatizo lao. Ukiifungua Steam kabla hujachomeka diski, gemu zote zilizomo zitaonekana hazijasakinishwa, na kitufe cha Install kitakuwa kinakuita. Usikiguse. Ifunge Steam, chomeka diski, fungua tena. Zikiwa bado hazionekani, angalia herufi ya diski: Windows inaweza kuwa imeipa F badala ya E. Irudishie herufi yake kupitia Disk Management. Na kabla ya kuanza kuitumia diski hiyo kwa gemu, iwe kwenye mfumo wa NTFS. FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4, na gemu kubwa nyingi zina mafaili ya namna hiyo.

Kitu kimoja hakisafiri na gemu: hatua ulizofikia. Gemu nyingi huzihifadhi ndani ya Documents au AppData kwenye diski C, na nyingine ndani ya folda ya `userdata` ya Steam yenyewe. Ukihamisha gemu kutoka C kwenda E kwenye kompyuta ile ile, haziguswi na utaendelea pale ulipoishia. Lakini kama mpango wako ni kuiformati C baada ya kuhamisha, angalia kwanza kama ukurasa wa gemu dukani unataja Steam Cloud. Usipotaja, tafuta folda ya hatua zako na uinakili mwenyewe kabla Windows haijafutwa.