Kusafisha sauti ya mwimbaji bila kuikondesha

Rekodi nyingi za chumbani zina ugonjwa mmoja. Mwimbaji yuko kwenye noti, pumzi zake ziko sawa, maiki si mbaya, lakini sauti ikiwekwa juu ya biti inazama. Maneno hayashikiki. Prodyuza akiipandisha, kinachopanda ni uvumi tu, kana kwamba mtu anaimba ndani ya pipa. Wengi hukimbilia kuongeza masafa ya juu ili sauti ing'ae, na matokeo yake ni sauti inayovuma chini na kukwaruza juu kwa wakati mmoja. Dawa iko upande wa pili: kupunguza kilichozidi.

Zana zinazohitajika ni mbili, nazo zimo kwenye karibu kila programu ya kurekodia, hata zile za bure. Ya kwanza ni kichujio cha kukata besi, ambacho kwenye skrini au kwenye miksa huandikwa HPF au Low Cut. Hicho huacha masafa ya juu yapite na kuyazuia yaliyo chini ya mahali ulipoweka. Ya pili ni ekwalaiza, ukiitumia kushusha eneo fulani badala ya kulipandisha. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni kuiachia zana ya kwanza kazi ya zana ya pili, na hapo ndipo sauti nzuri zinapoharibiwa.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Mwanamume anaimba wimbo wa injili ulio kwenye E. Noti yake ya chini kabisa ni B, ambayo ni takriban hezi 123, yaani mitikisiko 123 kwa sekunde. Amerekodi katika chumba cha mita 3 kwa mita 2.5, godoro limesimamishwa ukutani, feni inazunguka, na mdomo wake ulikuwa karibu sana na maiki, kama upana wa vidole vitatu. Ukimsikiliza peke yake unaona sauti ni nene na tamu. Gitaa na kinanda vikiingia, nusu ya mashairi inapotea.

Unene ule una vyanzo vyake. Maiki nyingi za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele, na maiki za namna hiyo huongeza besi kadiri mdomo unavyozisogelea. Ndiyo maana watangazaji hupenda kuzing'ang'ania. Pili ni chumba. Godoro na mablanketi hunyonya vizuri masafa ya juu, lakini besi huendelea kugongana ukutani na kurudi. Chumba kinakuwa kimya masikioni huku kule chini kikiendelea kuvuma. Tatu ni lugha yenyewe. Chukua neno "Mungu", ambalo halikosekani kwenye wimbo wa injili. Herufi m na mwanzo wa ng hutolewa njia ya kinywa ikiwa imefungwa na sauti ikitokea puani, na irabu u hutolewa midomo ikiwa imebanwa. Zote hurundika nguvu zake karibu na hezi 300. Sasa linganisha na "Baba". Irabu a hufungua kinywa, na nguvu zake husambaa hadi hezi 700 na zaidi. Kwenye rekodi ya ndugu yetu huyu "Baba" inasikika wazi kabisa, na "Mungu" inazibwa, ingawa ameyaimba kwa nguvu ileile. Ukikutana na tofauti hiyo, umeshajua pa kuanzia kutafuta.

Kazi ianze na kichujio, na kabla ya kukigusa ujue noti ya chini kabisa ya mwimbaji. Hapa ni hezi 123. Chini ya hapo hakuna wimbo. Kuna mngurumo wa magari ya nje, mtetemo wa feni uliopitia kwenye stendi ya maiki, upepo wa herufi p na b unaogonga maiki, na mvumo wa umeme wetu wa hezi 50. Ukiweka kichujio kwenye hezi 90, kwa mteremko wa desibeli 12 kwa oktavu, maana yake ni kwamba chini ya hapo, kila masafa yanapopungua kwa nusu, sauti inashuka kwa takriban desibeli 12 nyingine. Mvumo wa hezi 50 unashuka kwa desibeli 10 na kidogo, wakati noti ya chini ya mwimbaji inapoteza desibeli 1 tu, kiasi ambacho msikilizaji hatakigundua.

Mngurumo umeondoka. "Mungu" bado imeziba.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Prodyuza anakizungusha kichujio: 120, 150, 200. Anasikia sauti ikiwa nyepesi zaidi na kudhani anaisafisha. Lakini angalia hesabu. Kichujio kikiwa kwenye hezi 200 kwa mteremko uleule, noti ya hezi 123 inashuka kwa desibeli 9, yaani msingi wa noti umekwisha kazi. Na lile eneo la hezi 300 linalosumbua? Limeshuka kwa chini ya desibeli 1. Amekikata kifua cha mwimbaji na kuuacha uvumi palepale ulipokuwa. Kichujio ni cha kuondoa visivyo sauti ya mwimbaji. Uvumi wa kati ya hezi 200 na 500 ni sehemu ya sauti yenyewe iliyozidi kipimo, kwa hiyo haufukuzwi wote. Unapunguzwa.

Kwenye ekwalaiza chagua mkanda mmoja wenye umbo la kengele. Una vipimo vitatu: mahali kwa hezi, kiasi kwa desibeli, na upana unaoandikwa Q, ambapo namba ndogo ni eneo pana na namba kubwa ni eneo jembamba. Wengi wamefundishwa kupandisha mkanda mwembamba kwa desibeli 10 na kuutembeza mpaka wasikie pabaya, kisha wakate hapo. Njia hiyo inafaa kwa kuonja tu, kwa sababu eneo lolote ukilipandisha kiasi hicho litasikika baya. Ndiyo maana unakuta sauti ya watu ina mikato saba au minane na haina uhai. Mimi napendelea kuanza na mkato wenyewe. Shusha desibeli 6 kwa Q ya 1, cheza mstari wenye "Mungu" ukijirudia huku biti yote ikilia, kisha tembeza mkato taratibu kutoka hezi 200 kwenda 500. Ukifika mahali sahihi maneno yanajitokeza ghafla, na ukipita unayasikia yakirudi nyuma. Kwenye wimbo wetu palikuwa karibu na hezi 290. Ukishapapata, rudisha kiasi hadi desibeli 3. Ile 6 ilikuwa ya kutafutia, na ukiiacha sauti itakuwa kavu.

Kinabaki kitu kimoja. Kila wimbo unapopita kwenye noti ya G kreti, iliyo karibu na hezi 207, sauti inavimba kama imesukumwa, halafu noti inayofuata inakuwa ya kawaida. Uvimbe unaotokea kwenye noti ileile kila mara, kwa neno lolote lile, kwa kawaida unatoka chumbani. Sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde katika joto letu, na ukuta na ukuta wenzake ulio mita 2.5 mbele yake hupenda kukuza hezi 69 na mara zake: 138, halafu 207. Hesabu imeangukia palepale. Kwa uvimbe wa namna hii mkato mpana haufai, kwani utazipunguza hata noti jirani ambazo hazina kosa. Weka mkanda wa pili hapo, mwembamba, Q ya 6, na ushushe desibeli 4. Kama programu yako ina ekwalaiza inayokata pale tu eneo linapozidi kiwango, itumie hapa, maana inaiacha noti ikiimbwa polepole bila kuiguza.

Sasa linganisha kabla na baada, lakini kwa haki. Umeondoa nguvu nyingi, kwa hiyo sauti imeshuka kidogo, na sikio la binadamu hupenda kinacholia kwa nguvu zaidi. Pandisha kitoleo cha ekwalaiza mpaka viwango vilingane, kisha izime na kuiwasha. Usiposawazisha hivyo, utaamini kwamba sauti ya zamani ilikuwa bora, nawe utaifuta kazi nzuri.

Ulinganisho huo ufanyike vyombo vyote vikilia. Sauti ya mwimbaji ikisikilizwa peke yake baada ya mikato hii itaonekana nyembamba kidogo, na hilo si kosa, kwa sababu unene wa chini sasa unajazwa na besi na gitaa. Hapo pia ndipo utagundua kama mkosaji si mwimbaji. Zima gitaa kwa mstari mmoja. Kama "Mungu" imefunguka ghafla, basi gitaa ndilo linalokaa kwenye hezi 300, na mkato mpana wa desibeli 2 au 3 uende kwenye gitaa, kisha mwimbaji arudishiwe unene wake. Mara nyingine kinanda kinachopigwa kwa mkono wa kushoto ndicho kinachofunika kila kitu, na hakuna ekwalaiza ya sauti itakayosaidia mpaka mpigaji ahamie oktavu ya juu.

Mikato yote hii itangulie kompresa. Kompresa hushusha sauti kila inapovuka kiwango, na kinachovuka kwanza ni pigo la p na uvimbe wa chini. Ukiiweka mbele ya kichujio, itamshusha mwimbaji mzima kwa sababu ya upepo tu, na utasikia maneno yakididimia bila sababu.

Umepunguza kupita kiasi ukisikia mwimbaji amekuwa kama anaongea kwenye simu, au irabu o na u zimepoteza mwili huku s ikianza kuchoma. Rudisha mkato mpana kwa nusu kabla ya kugusa kingine. Usiamulie jambo hili kwenye spika ya simu, kwa kuwa spika hiyo haitoi vizuri masafa yaliyo chini ya hapo na itakuambia kila kitu ni safi. Hedifoni nzuri au spika za gari zitasema ukweli.

Kuna kisichokatika. Mwangwi mfupi wa chumba uliokwisha kuingia kwenye maiki umechanganyika na sauti katika masafa yote, na ekwalaiza haiwezi kuutenganisha. Ukisikia kila neno lina kivuli nyuma yake, fadhili muda wako na urekodi upya. Msogeze mwimbaji sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, mtoe katikati kamili ya chumba, zima feni, na nguo nzito au godoro liwe nyuma ya mgongo wake, kwa sababu maiki inayomtazama inasikia pia ukuta ulio nyuma yake. Swichi ya kukata besi iliyo kwenye maiki yenyewe iwashwe tu kama mngurumo wa nje hauvumiliki, maana kilichokatwa wakati wa kurekodi hakirudi.