Cheti Kipo, Picha Hazipo

Chukua tovuti ya nyumba ya wageni huko Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Imetengenezwa kwa WordPress miaka mingi iliyopita, ina picha za vyumba, kalenda ya kuweka nafasi na kisanduku kidogo kinachoonyesha hali ya hewa. Mwenyewe amechoka kuona vivinjari vikiwaambia wageni wake kwamba tovuti si salama, maneno ambayo Chrome ilianza kuyabandika kwenye kila tovuti ya HTTP mnamo Julai 2018. Anampigia kijana anayemtunzia tovuti, kijana anawasha cheti cha bure cha Let's Encrypt, na kabla ya adhuhuri anwani inaanza na https. Jioni simu inalia.

"Mwanangu, umenifanyia nini? Kalenda haifunguki, hali ya hewa imetoweka, na ile picha kubwa ya ufukwe haipo."

"Shikamoo mama. Cheti hakina kosa. Ni anwani za zamani zilizobaki ndani ya kurasa."

Kijana amesema kweli, ila jibu lake ni fupi mno kwa mtu anayepoteza wageni. Ukurasa wa tovuti hauji ukiwa kitu kimoja. Kinachofika kwanza ni maandishi ya HTML, na ndani yake zimo anwani za kila kitu kingine: picha, faili za CSS zinazopanga rangi na mpangilio, na skripti, yaani vijiprogramu vinavyoendesha kalenda. Kivinjari ni kama mtoto aliyetumwa dukani na karatasi ya mahitaji. Huenda kila duka lililoandikwa, kwa njia iliyoandikwa. Cheti kimelinda safari ya karatasi yenyewe. Kama ndani ya karatasi kumeandikwa `http://`, safari hizo nyingine zote zinapita njia ya wazi, ambamo yeyote aliye katikati, mwenye Wi-Fi ya hoteli au kampuni ya mtandao, anaweza kusoma kinachopita na hata kukibadilisha. Hali hiyo ya ukurasa salama unaoita vitu visivyo salama ndiyo wataalamu wanaiita maudhui mseto.

Kwa nini kalenda izuiwe kabisa? Kwa sababu skripti ikishaingia katika ukurasa ina mamlaka yote ya ukurasa. Inasoma jina na namba ya kadi mgeni anapoiandika, inaweza kubadilisha kiasi cha malipo, inaweza kumpeleka kwingine. Mwezi Machi 2015 ulimwengu uliona jambo hili kwa macho. Watu walio nje ya China walifungua tovuti zilizotumia skripti za kampuni ya Baidu, skripti zilizosafiri kwa HTTP tupu. Njiani, baadhi ya skripti hizo zilibadilishwa na kuwekwa nyingine, na vivinjari vya watu hao vikaanza kuishambulia GitHub kwa maombi mfululizo bila wenyewe kujua lolote. Watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto waliuita mtambo huo "Great Cannon". Baidu ilisema mifumo yake haikuvamiwa, na haikuhitaji kuvamiwa: faili lilibadilishwa likiwa safarini.

Ndiyo maana Firefox, tangu toleo la 23 la Agosti 2013, haiuliza mtu. Skripti au faili la CSS la HTTP ndani ya ukurasa wa HTTPS linakatwa hapo hapo. Vivinjari vingine vikubwa hufanya vivyo hivyo. Picha, sauti na video zilivumiliwa zaidi, kwa hoja kwamba picha iliyobadilishwa inaweza kumdanganya msomaji lakini haiwezi kumwibia nywila. Zamani zilionekana na onyo tu. Kuanzia 2020 Chrome ilianza kuzibadilishia anwani yenyewe, ikiandika `https` pale palipoandikwa `http`, kisha kujaribu. Firefox ilifuata katika toleo la 127 la Juni 2024. Ikiwa seva ya picha inajibu kwa HTTPS, picha inatokea na msomaji hajui kitu. Ikiwa haijibu, picha haipo. Ndivyo inavyotokea mwenye tovuti akaona pengo pale pa ufukwe, na mgeni mwenye simu ya zamani akaiona picha ileile bila shida. Wawili hao wanaweza kubishana siku nzima na wote wakawa wakweli.

Basi usiipime tovuti kwa kutazama kufuli. Chrome yenyewe iliiondoa alama hiyo kwenye upau wa anwani katika toleo la 117 la 2023. Fungua ukurasa kwenye kompyuta, bonyeza F12, chagua Console, kisha upakie ukurasa upya. Kwa tovuti yetu ya Paje unatokea mstari wa namna hii, mwekundu:

```
Mixed Content: The page at 'https://nyumba.example/' was loaded
over HTTPS, but requested an insecure script
'http://nyumba.example/wp-content/plugins/kalenda/kalenda.js'.
This request has been blocked; the content must be served over HTTPS.
```

Usome taratibu, kwani umebeba kila unachohitaji: ukurasa gani umeita, umeita kitu cha aina gani, kwa anwani ipi, na kimefanywa nini. Hapa kalenda imo kwenye seva ileile yenye cheti. Faili lipo na njia salama ipo. Kilichokosewa ni herufi moja tu iliyokosekana baada ya `http`.

Hapa ndipo mafundi wengi hujikwaa. Wanasema: mbona nimeweka amri kwenye seva, kila ombi la HTTP linaelekezwa HTTPS kwa 301? Amri hiyo ni nzuri, na inamfaa mgeni anayeandika anwani ya zamani. Kalenda haiiponyi. Kivinjari husoma anwani ya skripti kabla hakijatuma chochote, kinaona `http://`, kinakataa. Ombi halitoki kwenye simu ya mgeni, kwa hiyo seva haipati nafasi ya kulielekeza popote. Na kivinjari kina haki: ombi la kwanza lingepita njia ya wazi, na aliye katikati angeweza kulijibu yeye kabla ya seva. Dawa iko kwenye anwani yenyewe, pale ilipoandikwa.

Imeandikwa wapi? Kwenye WordPress, sehemu kubwa iko katika hifadhidata. Unapoingiza picha kwenye makala, WordPress huandika anwani nzima, pamoja na `http://`, ndani ya maandishi ya makala. Miaka kumi ya makala ni miaka kumi ya anwani za zamani. Kubadilisha zile anwani mbili zilizo kwenye mipangilio ya jumla hakugusi zilizokwisha kuandikwa. Tangu toleo la 5.7 la Machi 2021, WordPress ina kitufe cha kuhamia HTTPS ndani ya Site Health, na kwa tovuti ndogo husaidia sana. Lakini mipangilio ya mandhari na ya programu-jalizi mara nyingi hubaki vilevile.

Kijana mwenye haraka hufungua hifadhidata na kuamuru kila `http://nyumba.example` ibadilishwe. Makala zinapona, na asubuhi mandhari yote imevurugika. Sababu ni kwamba mipangilio mingi huhifadhiwa pamoja na idadi ya herufi zake:

```
s:31:"http://nyumba.example/picha.jpg"
```

Ile 31 ni urefu wa anwani. Ukiongeza herufi moja ya `s`, urefu unakuwa 32, lakini namba inabaki 31. PHP ikisoma inaona hesabu haikubaliani na kuitupa rekodi nzima. Chombo cha WP-CLI kinajua kuifungua rekodi, kubadilisha anwani, kisha kuhesabu upya. Kwanza nakala ya hifadhidata, halafu jaribio lisilobadilisha kitu:

```
wp db export
wp search-replace 'http://nyumba.example' 'https://nyumba.example' \
  --skip-columns=guid --dry-run
```

Kitakuonyesha ni mahali pangapi patakapoguswa katika kila jedwali. Ukiridhika, rudia ukiwa umeondoa `--dry-run`. Safu ya `guid` huachwa kwa kuwa ni kitambulisho cha makala. Visomaji vya milisho vikiona imebadilika hudhani makala ya zamani ni mpya. Ikiwa tovuti iliwahi kuitwa pia kwa `www`, rudia amri kwa jina hilo. Futa kashe, pakia upya, na kalenda inafunguka.

Viwili vilivyobaki haviko kwenye seva yetu, na hapo hakuna amri ya kubadilisha yote kwa mkupuo. Kisanduku cha hali ya hewa kinaita skripti ya kampuni nyingine. Bandika anwani yake kwenye kivinjari ukiwa umeweka `https`. Ikifunguka, badilisha anwani. Isipofunguka, kiondoe; maoni yangu ni kwamba mtoa huduma ambaye hadi leo hana cheti hastahili kuendesha skripti kwenye ukurasa wa malipo yako, hata kama mvua anaibashiri barabara. Picha ya ufukwe ilikuwa kwenye seva ya zamani ambayo hakuna mtu anayeitunza. Hiyo ipakue, uihifadhi kwenu, kisha uiite kwa anwani yenu.

Ipo pia njia ya mkato ambayo si ya kudharau. Seva ikituma kichwa hiki pamoja na kila ukurasa,

```
Content-Security-Policy: upgrade-insecure-requests
```

kivinjari kitageuza anwani zote za HTTP zilizomo, za skripti zikiwemo, kuwa HTTPS kabla ya kuzikataa. Kwa gazeti lenye makala laki moja ambazo hakuna wa kuzipitia, ni msaada mkubwa. Kwetu Paje kingeiponya kalenda siku ileile. Picha ya ufukwe kisingeipata, maana hakitengenezi cheti mahali pasipo na cheti.

Jambo la mwisho hufichwa na Console yenyewe: inakuonyesha ukurasa uliofungua, basi. Ukurasa wa mwanzo unaweza kuwa safi, na fomu ya kuweka nafasi, iliyo kurasa mbili ndani, ikawa bado inatuma majina na namba za simu za wageni kwenye anwani ya `http://`. Chrome humwonya mgeni pale anapobonyeza kutuma, na wengi hapo hughairi kimyakimya. Kwa hiyo fundi akikuambia amemaliza, usimlipe kwa kuonyeshwa ukurasa wa mwanzo. Mketishe, afungue Console mbele yako, apitie vyumba, kalenda na malipo mpaka ujumbe wa mwisho wa kuthibitisha nafasi. Neno `Mixed Content` likitokea hata mara moja, kazi haijaisha.