Dizaina au testa? Tulifungua daftari la malalamiko

Jumamosi moja mhazini wa kikoba kimoja cha Mbagala alinipigia kabla sijanywa chai. "Mwanangu, njoo uone mwenyewe. Simu inasema tuna hela ambayo sandukuni haimo." Nilipofika, sanduku lilikuwa limeshafunguliwa kwa funguo zake tatu na hela zimehesabiwa mara mbili. Programu yetu ya hesabu za kikoba ilizidisha shilingi 15,000: hisa tatu za shilingi 5,000, kila moja imeandikwa mara mbili.

Timu yetu ilikuwa ya watu watatu. Wawili waliandika programu, mmoja upande wa simu na mwingine upande wa seva, na mimi nilizunguka vikobani. Leo ningeanza na mwandishi mmoja anayeweza pande zote mbili, hata kama hakuna upande anaoumudu kwa ustadi, pamoja na mtu wa kukaa na wahazini. Huyu wa pili huonekana kama mzururaji, lakini bila yeye mwandishi hujenga kikoba cha kichwani mwake.

Jumatatu tulibishana. Mmoja alitaka tuajiri testa, maana kosa lile lingegunduliwa mapema. Mwenzake alitaka dizaina. Fedha zilitosha mtu mmoja tu, tena kwa wiki chache. Basi tukachukua ujumbe wote tuliotumiwa na wahazini kwa wiki mbili, tukaunakili kwenye daftari na kuugawa. Ulikuwa 41. Katika malalamiko 26, programu ilifanya sawasawa na ilivyoandikwa, ila mtu alipotea njia. Katika 9 programu yenyewe ilikosea. Sita yalikuwa maombi ya kuongezewa hiki na kile.

Mgawanyo huo ndio uliotupa jibu. Aliyepotea njia hasaidiwi na testa, kwa sababu testa atabonyeza, ataona kila kitu kinafanya kazi, na ataandika kwamba pako salama. Tena kati ya yale 26, 17 yalihusu ukurasa mmoja tu, ule wa marejesho ya mkopo, ambapo mhazini alishindwa kujua aandike riba na mkopo pamoja au mbalimbali. Ukurasa mmoja haudai mshahara wa mwezi hadi mwezi. Tulimchukua dizaina kwa siku kumi.

Siku nne za kwanza hakugusa rangi wala nembo. Alichora ukurasa kwa kalamu kwenye karatasi, akawapa wahazini watano mmoja mmoja, akawaambia waweke kidole pale ambapo wangebonyeza, kisha akanyamaza. Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hutosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za namna hii, ila wawe watu wanaofanana. Wahazini wazee na vijana wanaoweka hisa zao wenyewe ni makundi mawili, kila kundi linahitaji watu wake.

Na zile hisa zilizojirudia? Mtandao ulikuwa mzito, kitufe hakikuonyesha dalili yoyote, mhazini akabonyeza tena. Dizaina alikifanya kitufe kififie mara tu kinapoguswa. Lakini hilo pekee ni plasta. Dawa ilikuwa simu kuipa kila hisa namba yake ya pekee kabla ya kutuma, ili seva ikiiona namba ileile tena isiiandike. Kazi ya mchana mmoja kwa waandishi wetu, wala haikuhitaji kuajiri mtu.

Testa alikuja miezi minane baadaye. Dalili zilikuwa mbili. Makosa tuliyokwisha kurekebisha yalianza kurudi, na kila toleo jipya lilikula siku nzima ya waandishi wote wawili wakibonyeza simu. Tatizo la kwanza tulilimaliza wenyewe kwa kuandika majaribio yanayojiendesha kwa hesabu za hisa, riba na gawio. Kumlipa mtu arudie hesabu hizo kila wiki ni kuchoma fedha. La pili ndilo lililohitaji mtu, kwa nusu siku, siku tatu kwa wiki. (Wengine huchanganya kazi hii na wale wajaribuji 12 ambao Google Play huwadai wenye akaunti binafsi mpya, kwa siku 14. Hao wanaweza kuwa binamu zako. Kinachotakiwa kwanza ni wajiunge na wasijitoe.)

Siku yake ya kwanza testa aliisukuma pembeni simu nzuri ya ofisini. Akaomba ile yenye kioo kilichopasuka, inayolalamika kila saa kwamba nafasi imejaa. Akaingiza hisa, akabonyeza Tuma, na papo hapo akachomoa laini.

Kioo kikaandika: "Imetumwa."

Akatuangalia, akaomba daftari.