Bima ndogo au bima kubwa: ukigonga, nani analipwa?

Tuseme Toyota IST imechelewa kufunga breki kwenye foleni ya Mwenge, Dar es Salaam, na kuikumba Noah iliyosimama mbele yake. Mlango wa nyuma wa Noah umebonyea na bampa limeng'oka. Kwenye IST taa zote mbili zimevunjika, boneti limejikunja na rejeta inavuja. Trafiki anapima, anaandika, na kosa linaangukia kwa dereva wa IST. Nani atamlipa fundi wa gari lipi? Jibu liko kwenye aina ya bima aliyokata mwenye IST.

Kama ana bima ndogo, yaani ile ya mtu wa tatu ambayo sheria inamlazimu kila mwenye gari kuwa nayo, kampuni itatengeneza Noah, hadi kikomo kilichoandikwa kwenye mkataba. Abiria wa Noah akiumia, au mpita njia akigongwa, madai yao nayo yanakwenda kwa kampuni. IST yenyewe haiguswi. Taa, boneti na rejeta ni za mwenyewe, na gari likibaki gereji mwezi mzima kwa kukosa pesa ya vipuri, kampuni haidaiwi chochote. Wengi wanaligundua hilo wakiwa wameshasimama kaunta na picha za ajali mkononi.

Bima kubwa inalipa upande wa Noah vilevile, kisha inarudi kutengeneza IST hata kama kosa ni la dereva wake. Inahusu pia wizi, moto na kupinduka. Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Geuza ajali ile: Noah ndiyo imekugonga wewe, halafu dereva wake amekimbia au stika yake imekwisha muda. Mwenye bima ndogo atahangaika kumsaka mtu huyo mwenyewe. Mwenye bima kubwa analipwa na kampuni yake, na kampuni ndiyo inayobaki kumdai aliyesababisha.

Sasa bei. Kwa Tanzania, bima ndogo ya gari dogo la binafsi imezoeleka kuwa shilingi 118,000 kwa mwaka, kodi ya ongezeko la thamani ikiwa ndani. Bima kubwa hupigwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Tukichukua asilimia 3.5 kwa IST ya milioni 14, tunapata 490,000. Weka kodi ya asilimia 18, inafika 578,200. Tofauti ni 460,200 kwa mwaka. Swali la kujiuliza ni hili: gari likiibwa usiku wa leo, unaweza kununua jingine bila kuuza kiwanja wala kukopa? Kama huwezi, tofauti hiyo inakufaa. Kama gari limenunuliwa kwa mkopo wa benki, mara nyingi huna hata hiari, maana benki inataka bima kubwa hadi deni liishe.

Hapo ndipo watu wanapojiumiza kwa kutafuta nafuu. Mwenye IST anataja thamani ya milioni 10 badala ya 14 ili alipe kidogo. Matengenezo yakifika milioni 2.8, na mkataba una kifungu cha wastani, kampuni inahesabu kwamba amekatia bima sehemu 10 kati ya 14, na kumpa milioni 2. Hata hizo huenda zisimfikie zote, kwa sababu bima kubwa nyingi zina kiasi ambacho mteja anakibeba mwenyewe katika kila dai. Mwambie wakala akuonyeshe kiasi hicho kwenye karatasi kabla hujalipa, maana ndicho kinachoamua kama taa moja iliyovunjika inafaa kudaiwa.

Kiasi hicho hicho ndicho kinachofanya bima kubwa isilipe sana kwa gari kuukuu. Corolla ya miaka 25 yenye thamani ya milioni 4, inayopelekwa sokoni na kanisani tu, ikipata mkwaruzo wa laki tatu huenda karibu zote zikabaki kwa mwenyewe. Vipuri vipya navyo vinaweza kukatwa uchakavu, na kampuni nyingine hazipendi kabisa kuchukua magari ya umri huo. Mwenye Corolla hiyo, kama anamudu kuipoteza, bima ndogo inamtosha. Anayeogopa wizi peke yake aulizie bima ya mtu wa tatu iliyoongezewa moto na wizi. Ipo, ila mawakala hawaitaji mara nyingi.

Anayebeba abiria kwa programu za simu ana jambo jingine la kuangalia. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likipata ajali likiwa kazini, kampuni ina sababu ya kukataa kulitengeneza, hata kama bima ni kubwa na imelipiwa yote. Dereva huyo, ambaye gari ndilo mkate wake na linazunguka mchana kutwa, anahitaji bima kubwa kuliko wote tuliowataja, na kwenye fomu, pale penye matumizi ya gari, iandikwe biashara.