Taa za dashibodi: rangi husema nini

Tangazo la ukutani gereji hupanga taa za dashibodi kwa rangi. Nyekundu ni ya kusimama mara moja. Yenye umbo la birika la oili ndiyo mbaya kuliko zote: huonyesha presha ya oili, si wingi wake, hivyo ikiwaka injini ikinguruma, vyuma husagana bila kilainishi na dakika chache zatosha kuiua. Injini izimwe, kijiti cha oili kikaguliwe. Hata kikionyesha oili imejaa, gari livutwe. Njano, kama ya injini, huruhusu kuendesha taratibu hadi kwa fundi. Ikimwekamweka, gari lisimamishwe, maana petroli isiyoungua huunguza katalisti, kifaa ghali. Kijani na bluu, za indiketa na taa kali, ni taarifa tu.