Mwaka Hugeuzwa, Fedha Huachwa

Mtu aliyezaliwa Dodoma tarehe 7 Februari 1992 akitaka kufunga ndoa Bangkok, cheti chake cha kuzaliwa kikishatafsiriwa kwa Kithai kitasema alizaliwa mwaka 2535. Hilo si kosa la uchapaji. Ofisi za serikali ya Thailand huhesabu miaka kwa kalenda ya Kibudha, iliyo mbele ya hii yetu kwa miaka 543. Siku na mwezi havibadiliki. Mtafsiri hujumlisha 543 kwenye mwaka, huandika mwezi kwa jina ili 7/2 isisomwe kuwa Julai 2, kisha hutanguliza kifupisho พ.ศ. mbele ya mwaka. Ni busara pia kuweka 1992 kwenye mabano, ili karani aweze kulinganisha tafsiri na cheti.

Kwenye hati za zamani hesabu hiyo ina mtego. Kabla ya 1941, mwaka wa Thailand ulianza Aprili 1. Mwanzo wa mwaka ulipohamishiwa Januari 1, mwaka 2483 ulibaki na miezi tisa tu, kuanzia Aprili hadi Desemba 1940. Basi mzee aliyezaliwa Thailand Februari 1938, kisha akahamia ng'ambo, kumbukumbu zake za huko nyumbani zinasema 2480. Mtafsiri wa hati zake za ng'ambo akijumlisha 543 atapata 2481, na mzee mmoja ataonekana kuwa watu wawili. Kwa tarehe za Januari hadi Machi za enzi hizo, hujumlishwa 542.

Namba ya usajili haiguswi kabisa. Cheti chenye namba 456/1992 hubaki hivyo hivyo, kwa kuwa ile 1992 ni sehemu ya namba. Ikigeuzwa, anayehakiki hataipata kwenye daftari la msajili.

Kwenye fedha, Wathai huweka alama za tarakimu kama sisi: mkato kwenye maelfu, nukta kwenye sehemu ndogo. Tofauti iko kwenye maneno. Wana neno moja la elfu kumi, *muen*, na jingine la laki, *saen*. Kwa hiyo mshahara wa 250,000 huandikwa "saen mbili, muen tano". Mtafsiri anayefuata maelfu peke yake hupotea hapo.

Lakini shilingi hazigeuzwi kuwa baht, sarafu ya Thailand. Tofauti ya 543 haibadiliki kesho; bei ya fedha hubadilika kila siku, na hati yenyewe haikuitaja. Andika "shilingi za Tanzania" kwa ukamilifu, maana Kenya na Uganda nazo zina shilingi. Ofisi ikihitaji thamani kwa baht, ikokotolewe kwenye karatasi ya pembeni yenye tarehe na kiwango kilichotumika, nje ya tafsiri.

Kabla ya kulipia tafsiri yako, kagua mwaka, namba ya usajili na jina la sarafu.