Nyumba ya kupangisha: andika kwanza, ndipo upige video

Kila wiki kwenye telefone zetu zinafika video za nyumba za kupangisha. Muziki unapiga juu, kamera inakimbia kama mwizi, unaona plafo, unaona mlango, halafu namba ya komisyonere. Ukimaliza kuangalia haujui kama kuko maji, haujui vyumba viko ngapi. Unalipa pesa ya kwenda kuona, na ukifika unakuta choo ni cha malango sita.

Kwetu wafanyakazi wa migodi jambo hili ni zito. Mwenzetu anapata kazi Kolwezi, bibi na watoto wako bado Likasi ao Lubumbashi. Yeye anaingia kazi usiku na kulala muchana, hana nafasi ya kuzunguka. Bibi ndiye atakaa ndani ya ile nyumba siku nzima, lakini yeye haioni mbele garanti ijalipwa. Kwa upande mwingine, wazee wetu wa pansheni wanaishi kwa nyumba ndogo walizojenga nyuma ya lupango, na kila mwezi nyumba inapokaa bule ni mwezi bila chakula. Video nzuri inasaidia wote wawili. Na video nzuri inaanzia kwenye karatasi.

Tutaonyesha kwa nyumba moja tuliyosaidia kutangaza, kwa komini ya Manika, Kolwezi. Ni ya mzee wa pansheni. Iko na salo, vyumba viwili vya kulala, jiko, na choo na dushi inje. Bei ni dola 150 kwa mwezi.

Kazi ya kwanza haikuwa kushika telefone. Tuliketi na mzee pamoja na bibi yake, tukaandika maswali yote ambayo watu waliokuja mbele walikuwa wanauliza. Yalikuwa hivi: «Maji inatokaka saa ngapi?» «Kuran inakuwaka?» «Kitanda yangu itaingia?» «Tutakuwa bangapi mu lupango?» «Choo ni ya nani na nani?» «Mutu wa zamu ya usiku anaweza kulala muchana?» «Garanti ni miezi ngapi?» Halafu kila swali tulilipeleka mahali pake. Swali la maji tuliliweka kwenye robine, swali la kitanda kwenye chumba cha kulala, swali la kelele kwenye dirisha. Mtu anapoona kitu, palepale anasikia jibu lake. Ukiweka majibu yote mwishoni, atakuwa amekwisha kusahau chumba gani ulikuwa unasema.

Njia ya kamera ni njia ya miguu ya mgeni: barabara, mlango wa lupango, salo, vyumba, jiko, kisha inje kwenye dushi na choo. Usiruke. Ukitoka salo na ghafula uko chooni, anayeangalia anapotea, na anaanza kufikiri kuna chumba unachoficha. Kila mara unapotoka chumba kimoja, sema unakokwenda: «sasa tunatoka salo, mlango wa kushoto».

Haya ndiyo maneno tuliyoandika, pamoja na muda wa kila pahali.

Barabarani, sekunde 20: «Tuko Manika, Kolwezi. Kutoka barabara kubwa, pahali basi za wafanyakazi zinapita, ni dakika saba kwa miguu. Barabara hii ni ya udongo; wakati wa mvua motokari ndogo inaishia hapa kwenye kona.»

Ndani ya lupango, sekunde 30: «Tunaingia lupango. Nyumba ya mbele ni ya mwenyewe, yeye na bibi yake. Ya kupangisha ni hii ya nyuma. Mutakuwa jamaa mbili tu. Robine ni hii. Maji inatoka usiku na asubuhi mapema, halafu inakatika. Muchana tunatumia kisima hiki, na ndoo iko.»

Salo, sekunde 30: «Tunaingia salo. Urefu ni metre ine, upana metre tatu na nusu. Prizi ziko mbili. Kompteri ni ya kulipa mbele, na nyumba hii iko na yake peke yake. Kuran inakatika mara kwa mara, zaidi mangaribi. Kwenye plafo, pale kwenye kona, muko doa: manjanja ilikuwa inavuja, ilibadilishwa mwaka huu, doa limebaki.»

Vyumba, sekunde 45: «Mlango wa kushoto, chumba kikubwa, metre tatu na nusu kwa tatu. Kitanda cha metre moja na sentimetre sitini kinaingia, na kabati inabaki na nafasi hapa. Dirisha linatazama bustani, si barabara. Nganda ya karibu iko nyuma ya barabara, wanaanza muziki jioni. Muchana kuko kimya. Chumba cha pili ni cha watoto, metre mbili na nusu kwa tatu. Hakina prizi.»

Jiko, sekunde 20: «Tunarudi salo, tunaingia jiko. Ni dogo. Mbabula hatuwashi ndani, tunapikia hapa kwenye baraza. Hakuna robine ndani ya jiko.»

Dushi na choo, sekunde 25: «Tunatoka kwa mlango wa nyuma. Dushi na choo viko inje, hatua kumi. Ni vya jamaa ya nyuma peke yao, mwenye nyumba iko na vyake. Mlango unafungwa kwa kufuli.»

Bei, sekunde 20: «Ni dola 150 kwa mwezi, garanti miezi tatu. Pesa inapokelewa hapa nyumbani tu, mbele ya mwenye nyumba na bibi yake, na risiti. Leo ni siku ya kwanza ya mwezi wa nane.»

Jumla ni dakika tatu na kidogo. Kabla ya kupiga, soma maneno kwa sauti huku mwenzako anaangalia saa. Yakizidi muda, usisome mbio: punguza maneno. «Chumba kizuri sana» haijibu swali la mtu, ifute. «Metre tatu na nusu kwa tatu» inajibu, iache.

Mtaona kwamba tulisema doa, tulisema maji inakatika, tulisema jiko ni dogo. Mzee aliogopa kidogo, alisema watu watakimbia. Lakini anayekimbia juu ya choo cha inje angekimbia vilevile akifika, na angekuwa amepoteza pesa ya usafiri, na mzee angepoteza siku yake. Doa la plafo ndilo la maana zaidi. Video iliyopigwa wakati wa kiangazi haionyeshi mvua. Mupangaji mwerevu anajua hivyo, anaangalia kona za plafo. Akiona doa bila maneno, anafikiri manjanja imetoboka. Akisikia sababu, anauliza tu: nani ameitengeneza, lini?

Kuhusu kupiga yenyewe, mambo ni matatu. Kwanza ni mwangaza: piga asubuhi, madirisha wazi, na usisimame ukitazama dirisha, maana chumba chote kitakuwa cheusi. Simama kwenye kona, dirisha likiwa kando yako ao nyuma yako. Pili ni mwendo: fika pahali, simama, hesabu moja mpaka tano, ndipo ugeuze kamera polepole upande mmoja tu. Ukigeuza kwenda na kurudi, mtu anahesabu chumba kimoja kama viwili. Tatu ni kipimo: telefone inaweza kufanya chumba kidogo kionekane kikubwa, kwa hiyo macho hayatoshi. Tandika metre ya fundi chini kwenye ukuta, watu waisome wenyewe. Kwa maji pia, fungua robine wakati maji iko, weka bidoni ya litre 20 na uhesabu. Kwa mzee ilijaa kwa dakika mbili, ni litre kumi kwa dakika. Hiyo ni zaidi ya kusema «maji iko».

Kuna mambo ya kutoonyesha. Usionyeshe namba ya lupango, namba ya kompteri, funguo, sura za watoto, wala karatasi za nyumba. Wadanganyifu wanachukua video ya mwingine, wanabadilisha namba ya telefone, wanakula garanti ya nyumba ambayo si yao. Ndiyo sababu tarehe na maneno juu ya pesa tuliyasema kwa mdomo ndani ya video: maneno ya kuandika juu ya picha yanafunikwa kwa urahisi, lakini kuondoa sauti yenyewe kunaacha alama, video inakuwa bubu ao inapigiwa muziki. Nyumba ikipata mtu, mjulishe kila uliyemtumia kwenye Watsapu kwamba imeisha.

Juu ya garanti, tukumbushane: sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa haipiti miezi mitatu. Kwa nyumba hii ni dola 450. Anayekuomba miezi sita ao kumi kwa nyumba ya kulala anaomba kupita sheria. Pesa ya komisyonere ni jambo lingine. Uliza mapema ni ngapi na nani anailipa, usingoje siku ya kupewa funguo.

Na kwenu wapangaji: video haina harufu. Haionyeshi kama shimo la choo limejaa, haionyeshi unyevu chini ya ukuta, haionyeshi kama anayesema ni mwenye nyumba kweli. Bibi aliye Likasi achague kwa video, aondoe nyumba tisa katika kumi, lakini ile ya kumi lazima mtu wa jamaa ao rafiki wa kazi aiingie kwa miguu mbele ya dola moja kutoka. Aende na video mkononi, afuate njia ileile, chumba kwa chumba, na aulize majirani wawili nyumba ni ya nani.

Mukishapatana, mupige video nyingine siku ya funguo, mwenye nyumba na mupangaji pamoja, kwa maneno yaleyale na njia ileile: kila mlango, kila kioo, kila doa, na tarehe isemwe. Kila mmoja aitunze kwenye telefone yake, na nakala kwa mtu wa tatu, kwa maana telefone zinaibiwa. Siku ya kutoka, hapo ndipo ugomvi unazaliwa: «Kioo hiki nani alivunja?» Mwenye nyumba anataka kukata garanti, mupangaji anasema alikikuta hivyo. Watu waliokuwa pale wamekwisha kuhama ao kusahau. Mukiwa na ile video, mutafungua telefone, mutaangalia kioo pamoja, na dola 450 zitajua zinakokwenda.